Kitunda huru kisisukumwe kwa pupa

Wachezaji wengi wa sataranji wakishapata kitunda huru, yaani kile ambacho hakuna kitunda cha adui kinachoweza kukizuia wala kukila njiani, hukikimbiza mara moja kikawe malkia. Naamini haraka hiyo hupoteza michezo mingi iliyokwisha kuiva.

Mimi mwenyewe niliwahi kubaki na mfalme na kitunda kimoja dhidi ya mfalme mtupu. Mfalme wangu alikuwa d6, kitunda e6, na mfalme mweusi d8. Nikasukuma e7, nikamtishia mfalme, naye akahamia e8. Hapo nikabaki na njia mbili tu: kukiacha kitunda kiliwe, au kwenda e6 na kumnyima mpinzani pa kwenda bila kumtishia, jambo ambalo ni sare. Kosa lilifanyika mapema, nilipokitanguliza kitunda, kwani mfalme wangu angefika e6 kitunda kikiwa bado e5, ningeshinda hata kama zamu ingekuwa yangu.

Kwa upande wa anayezuia, swali ni nani asimame mbele ya kitunda. Farasi huifaa kazi hiyo, kwa sababu hata akiwa amesimama hapo huendelea kutishia nyumba za pembeni. Ngome haifai, kwa kuwa nguvu yake ni mistari mirefu, na ikiwekwa mbele ya kitunda hufungwa.

Hilo lilionekana Buenos Aires mwaka 1927, katika mchezo wa 34, ambao ndio uliokuwa wa mwisho, Alekhine alipowania ubingwa wa dunia dhidi ya Capablanca. Alekhine alikuwa na kitunda a5 na ngome yake nyuma yake, a4, ilhali ngome ya Capablanca ilikuwa imekwama mbele, a6. Alekhine hakuwa na haja ya kukisogeza tena. Alimpeleka mfalme wake upande wa kitunda, na mfalme wa Capablanca akalazimika kuja kusaidia ulinzi. Kisha mfalme mweupe akageuka na kurudi upande wa pili, ambako vitunda vyeusi vilikuwa vimeachwa bila mfalme wao. Capablanca alimweka mfalme a6 kukizuia kitunda badala ya ngome, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa. Alekhine akakitoa kitunda cha a5, akaingia kwenye vitunda vya upande ule mwingine, na akashinda. Kitunda kile hakikuwahi kuwa malkia, lakini kiliwafunga walinzi wawili kwa zamu.

Kwa hiyo, kabla ya kusukuma, mimi hutazama kwanza mlinzi aliye mbele ya kitunda. Akiwa amefungwa hapo, namwacha afungwe, nami nacheza upande mwingine. Siku atakapolazimika kuondoka kwenda kuokoa kitu kingine, hapo ndipo nasukuma bila kupoteza hata zamu moja.