Hotuba ya kumuaga mstaafu isiwe wasifu wa marehemu

Hotuba nyingi za kumuaga mstaafu ungeweza kubadilisha jina tu ukazisoma kwa mtu mwingine yeyote. Mchapakazi, mwadilifu, mcha Mungu, ameacha pengo lisilozibika. Mbaya zaidi, kila kitu husemwa kwa wakati uliopita: alikuwa mpole, alipenda watu. Mwenyewe amekaa meza kuu na soda yake, anasikiliza tanzia yake.

Kwa maoni yangu, kiongozi wa kitengo anayepewa dakika tano achague kazi moja tu ambayo mstaafu aliifanya kwa namna yake, aieleze mpaka hata mke, mume au wajukuu waliokuja kusindikiza waione. Historia ya ajira mwachie ofisa utumishi. Yeye ndiye mwenye jalada, na mara nyingi ataisoma tu, upende usipende.

Kazi hiyo haipatikani kwa kukaa na kalamu usiku wa kuamkia sherehe. Wiki mbili kabla, waulize watu watatu: aliyefanya naye zamu za usiku, kijana aliyefundishwa naye, na mtu wa idara nyingine aliyekuwa akipokea kazi yake. Usiwaulize “ni mtu wa namna gani?” Utaambiwa ni mtu mzuri, basi. Uliza alikuwa akikukataza nini. Uliza ni kitu gani kikiharibika lazima aitwe yeye. Hapo ndipo majibu yenye nyama hutoka.

Tuchukue mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya, mama anayestaafu akiwa na miaka 60, ambao katika utumishi wa umma Tanzania kwa watumishi wengi ni umri wa lazima. Kijana wa maabara akiulizwa alikatazwa nini, atasema: kuandika “hakuna vimelea” kabla ya kumaliza kusoma slaidi. Jibu hilo linatosha kujenga hotuba:

“Ndugu zangu, kila aliyepita maabara yetu analijua swali la Mama: ‘Umesoma sehemu ngapi?’ Slaidi ya malaria ya tone nene, kabla hujasema haina vimelea, unapaswa kupitia sehemu 100 chini ya darubini. Foleni ikifika mlangoni, kishawishi ni kuishia 30. Mama hakubali. Na rangi ya Giemsa haitumiki mpaka ichujwe, kwa sababu chembe zake zikiganda kwenye slaidi, macho yaliyochoka huziona kama vimelea. Mtoto atapewa dawa ya malaria, na homa yake halisi itabaki bila kutibiwa. Kipimo cha haraka kilipokuja, wapo waliodhani darubini imekwisha kazi. Mama aliendelea kutufundisha kuisoma, kwa kuwa kipimo kile kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa, lakini hakikuhesabii vimelea. Mama, vijana wanne uliowafundisha wako hapa. Naomba wasimame.”

Ona kwamba neno “mwadilifu” halimo, na hakuna anayelihitaji. Ona pia kwamba madhara ya kazi kufanywa vibaya yametajwa. Bila mtoto yule, kuchuja rangi ni usumbufu tu na mgeni hataelewa tunashangilia nini. Maneno ya kitaalamu ni machache, na kila moja lina sababu yake pembeni. Ukirundika kumi, familia itaanza kuangalia simu.

Kabla ya siku yenyewe, msomee aliyefanya naye kazi. Mwaka uliokosewa, au sifa ya kazi iliyofanywa na mwingine, huzua minong’ono ukumbini, na mstaafu mwenyewe ndiye anayeona aibu. Hao watakaosimama nao waambiwe mapema, ukiwa na hakika kwamba watakuwepo.

Kuna ya kuacha. Maradhi yake, hata kama ofisi nzima inayajua. Utani kuhusu uzee, au kuhusu kiinua mgongo kitakavyoliwa na ndugu. Watu watacheka, lakini ndugu hao wamekaa safu ya pili. Mafao usiyaguse kabisa, maana kiongozi wa kitengo akisema “yatatoka mwezi ujao” ametoa ahadi isiyo mikononi mwake. Kama alikuwa mkali, usimgeuze mpole. Sema ukali wake ulikuwa juu ya nini. Waliogombezwa ndio watakaopiga makofi zaidi.

Kuhusu itifaki, ukiwa msemaji wa nne usianze tena kuwataja wageni mmoja mmoja. “Itifaki imezingatiwa” inatosha, kisha mgeukie mstaafu, siyo mgeni rasmi. Karatasi uliyosomea mpe palepale pamoja na zawadi, ikiwa imechapwa vizuri na kusainiwa na kitengo kizima, kwa sababu kipaza sauti cha ukumbini huenda kilimeza nusu ya maneno.