Madoadoa wataondoka, au yataondoka?

Anayechuja maoni ya watu mtandaoni hupewa orodha ya matusi siku ya kwanza. Kufikia siku ya pili ameshaona kwamba orodha peke yake haimsaidii. Mmoja ameandika m@laya, mwingine m.a.l.a.y.a, na wa tatu amechomeka a ya Kirusi, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na yetu, ila kwa kompyuta ile ni U+0430 na yetu ni U+0061. Ndiyo maana programu hulifua neno kwanza, ndipo ilitazame kwenye orodha: @ inarudi kuwa a, nukta zinatolewa, herufi ngeni zinabadilishwa, zilizorudiwa zinapunguzwa.

Hapo kwenye kupunguza ndipo ninapogombana na vyombo tunavyoletewa. Vingi vilitengenezwa kwa Kiingereza, vikazoea kwamba herufi iliyorudiwa ni madoido tu. Kwetu irabu mbili zina maana yake. Mtu akiandika "mkopo huu utakufaa", ukaipunguza aa kuwa a, umeshamfanya mtoa ushauri kuwa mtoa vitisho: utakufa. Mimi hupunguza zikifika tatu tu, na hata hapo huziacha mbili, kisha najaribu pia na moja, bila kufuta chochote hadi nisome.

Tarakimu nazo ni hivyo hivyo. Chombo cha Kiingereza kikiona 2 katikati ya neno hudhani ni z iliyojificha. Kijana wa Dar akiandika wa2 hajaficha kitu, anasema watu, na xaxa yake ni sasa. Halafu kuna maneno yaliyomeza matusi bila kosa lao. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili kwenye huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ya herufi nne zilizo ndani ya jina la mji. Sisi tuna kumaliza na kumaanisha. Tazama herufi nne za mwanzo. Ukiamuru programu itafute tusi hilo popote lilipo, utafuta nusu ya maoni ya wanafunzi waliomaliza mitihani. (Wenyeji wa Makunduchi nao wana kesi yao, siisemi hapa.)

Yote hayo ni tahajia, na tahajia mwishowe hukamatika. Kigumu ni neno safi. Madoadoa ni ya chui, ni ya shati. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa nchini Kenya limetumika kuwaita watu wa makabila mengine wanaoishi hapo, na waliopitia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hawahitaji kutafsiriwa. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka kwenye mkutano wa kampeni Eldoret. Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe.

Ukilifungia neno lenyewe, umemfungia na muuza sabuni. Kwa hiyo mimi sitazami nomino, natazama kitenzi. Kiswahili kina ngeli, na ngeli humsaliti mwandishi. Madoa ya nguo yanatoka. Mtu anayewafikiria watu akiandika haraka mkono unamponyoka: "madoadoa wataondoka kabla ya Agosti." Hiyo wa- imesema yote. Vivyo hivyo kwekwe zimejaa shambani, lakini "kwekwe wamejaa mjini" si habari ya kilimo.

Mwerevu atachunga ngeli, aandike "madoadoa yahame". Bado amenasa, maana doa halihami. Hapo naangalia vitu viwili zaidi: je, kuna jina la mahali na tarehe karibu na hilo neno, na walioijibu kauli hiyo wameielewaje? Chini ya tangazo la kweli la sabuni watu huuliza bei. Chini ya fumbo hujibizana kwa fumbo, na mmoja akisema "jembe liko tayari" kuhusu shati lenye madoa, sina la kusubiri.

Ngeli hainisaidii kwa mende. Mdudu huyo tayari ni wa wa-, hivyo mende wa kabatini na mende anayekusudiwa kuwa mtu wanapatanishwa sawasawa, na redio ya RTLM nchini Rwanda mwaka 1994 ilitumia neno hilohilo, inyenzi, kwa Watutsi. Nikikuta "mende wamezidi mtaani kwetu", bila jina la mahali na bila jibu hata moja, naiacha ikae, kisha narudi kuitazama jioni.