Skani safi ya kichwa haijamaliza swali la kiharusi

"Baba ni fundi chuma hapa Amu. Alishikwa na kizunguzungu ghafla baada ya swala ya alfajiri, akatapika, akawa aona vitu viwili viwili na kupepesuka upande wa kushoto. Tulimfikisha Malindi jioni. Skani ya CT ikasomwa safi, na sasa twaambiwa afanye MRI. Kwa nini wasingeanza na MRI, tukaokoa pesa na wakati?"

Mwanangu, pole kwa mzee. Lalamiko lako lina haki upande mmoja, na upande huo nitaufikia, lakini kuanza na CT hakukuwa kosa.

Kiharusi huja kwa njia mbili: mshipa umeziba, au umepasuka. Ukimtazama mgonjwa kitandani huwezi kuzitenganisha kwa uhakika, na asprini inayomfaa wa kwanza yaweza kumwumiza wa pili. CT hupima jinsi mwili unavyozuia miale ya eksirei. Kwa namba za kipimo hicho, maji yamepewa 0, ubongo huwa takriban 25 hadi 40, na damu iliyotoka kuganda hufika 50 hadi 80. Ndiyo maana damu hung'aa nyeupe katikati ya kijivu. Tena kichwa hupigwa kwa muda usiofika dakika moja, na mtu anayetapika aweza kuvumilia dakika moja. MRI ya ubongo humtaka alale kimya ndani ya bomba kwa dakika 20 hadi 40.

Sasa haki yako. Dalili za mzee zaelekeza ubongo wa nyuma, yaani serebela na shina la ubongo. Sehemu hizo zimekaa ndani ya bakuli la mfupa, na mifupa miwili iliyobeba masikio ya ndani ni mizito mno. Huinyonya miale dhaifu, kisha picha hutoka na michirizi ya giza inayokatiza shina la ubongo. Na mshipa ukiziba, tofauti ya kijivu katika saa za mwanzo ni ndogo hata penye picha nzuri. Chini ya michirizi hupotea kabisa. Kwa mzee wako, neno "safi" lamaanisha kuwa damu haikuonekana. Halimaanishi kuwa hana kiharusi. Kinachonisikitisha ni wagonjwa wa aina hii kurudishwa nyumbani na dawa ya kizunguzungu kwa sababu ya neno hilo.

MRI husikiliza hidrojeni iliyo ndani ya maji ya mwili, na mfupa mgumu hautoi sauti kubwa, kwa hiyo haufuniki kitu. Picha inayoitwa DWI hufuatilia mwendo wa maji. Seli zilizokosa damu huvimba, maji hunaswa, na mahali pale hung'aa. Msomaji mwangalifu hulinganisha na picha ya ADC, inayopima kiasi cha mwendo huo: paking'aa DWI na kuwa peusi ADC, jeraha ni jipya. Hata hivyo, katika shina la ubongo DWI yaweza kukosa jeraha dogo siku ya kwanza au ya pili. Dalili zikibaki, hurudiwa.

Lakini kuna jambo ulilolitaja kwa kupita, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: baba ni fundi chuma. MRI ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo ya tesla 1.5 haizimwi hata mashine ikiwa haipigi picha. Chembe ya chuma iliyorukia jicho miaka mingi nyuma ikabaki humo, sumaku yaweza kuisogeza na kumpofusha. Nimewahi kumwuliza fundi kama ana chuma mwilini, akakana kwa dhati, kwa kuwa alifikiria vyuma vya kuunga mifupa. Nilipouliza juu ya macho ndipo akakumbuka siku ya kusaga geti, alipooshwa jicho tu. Mwulize mzee hivyo, kwa maneno hayo. Akikumbuka tukio kama hilo, waambie wapiga picha kabla hajaingia chumbani. Watapiga eksirei ya macho, au wataitazama CT mliyokwisha kulipia, mradi ilishuka hadi kwenye macho. Sisi wapiga picha mara nyingi huinamisha mashine ya CT ili kuikinga mboni na miale, na macho hubaki nje ya picha.

Mwulize mzee pia kama ana kifaa cha kusaidia moyo kupiga, nacho wapiga picha wakijue kabla.

Na akianza kusinzia kuliko alivyokuwa, au kichwa kikazidi kumwuma huku akitapika tena, msingojee zamu ya MRI. Serebela iliyovimba hulibana shina la ubongo, na uvimbe huo CT huuonyesha vizuri. Mwite daktari papo hapo, saa yoyote ya usiku, na mwulize kuhusu kurudia CT.