Mkataba Unaponyamaza: Jaji Aongeze Neno, au Aache Ukimya Ubaki?

Kampuni ya Marks and Spencer ilikuwa imepanga ghorofa kadhaa katika jengo la ofisi huko London, kwa mkataba mrefu uliokuwa na kifungu cha kuuvunja mapema. Mpangaji angeweza kuondoka tarehe 24 Januari 2012, mradi atoe notisi, asidaiwe pango siku hiyo, na alipe ada ya kuvunja mkataba ya pauni 919,800 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Pango lililipwa kila robo mwaka, tena kabla ya kukaa. Kwa hiyo ilipofika Desemba 25, 2011, kampuni ililipa pango lote hadi Machi 24. Januari ikalipa ile ada, mkataba ukakoma tarehe iliyopangwa, na mpangishaji akabaki na pango la miezi miwili ya jengo ambalo mpangaji hakuwemo tena.

Kampuni ilidai irudishiwe. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi, na hakuna mahali uliposema pango la ziada litarudishwa. Wala hakuna mahali uliposema halitarudishwa. Jaji wa kwanza alisoma sharti la kurudisha ndani ya ukimya huo. Mahakama ya Rufani ikalifuta, na Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana na Mahakama ya Rufani.

Kwa mtu asiye mwanasheria hukumu hiyo inakera. Kwa nini mwenye jengo alipwe kwa miezi ambayo angeweza kumpangisha mtu mwingine? Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi. Ila sababu zake zinaacha tatizo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Tuanze na kile ambacho sheria inaruhusu. Mahakama za mfumo wa Kiingereza zimekuwa zikiongeza masharti yasiyoandikwa kwa zaidi ya karne moja. Kesi inayotajwa kila mara ni ya meli Moorcock, ya mwaka 1889. Mwenye meli alilipa ili apakue shehena kwenye gati katika mto Thames. Pande zote mbili zilijua kwamba maji yakipwa meli itakaa juu ya tope. Yakapwa, meli ikakaa juu ya mwinuko wa ardhi ngumu, ikaharibika. Mkataba haukusema lolote kuhusu hali ya chini ya maji, lakini mahakama iliona kwamba mapatano ya kuegesha meli pale yangekuwa bure kabisa kama wenye gati hawakuwa na wajibu hata wa kuchukua hatua za kujua iwapo mahali penyewe ni salama. Hapo sharti liliongezwa kwa sababu biashara yenyewe isingefanyika bila hilo. Miaka hamsini baadaye, katika kesi ya Shirlaw, Jaji MacKinnon akatoa kipimo chake maarufu: mpita njia mdadisi akiwauliza wanaoandikiana, "Na hili mbona hamkuliweka?", wote wawili wangemjibu kwa kukereka kidogo kwamba hilo ni wazi, halina haja ya kuandikwa.

Kumbuka neno "wote wawili". Mpangaji angejibu hivyo mara moja. Mpangishaji angekuna kichwa kwanza.

Na hapo ndipo dai la Marks and Spencer lilipokwama. Sheria ya Uingereza ilikuwa imekwisha kusema, tangu kesi ya mwaka 1900, kwamba pango linalolipwa mbele haligawanywi kwa siku mkataba unapokoma katikati ya kipindi. Mawakili wa pande zote walilijua hilo walipokaa kuandika. Jaji Neuberger akasema, kwa maana hiyo, kwamba mkataba kamili ulioandikwa na wataalamu, juu ya jambo ambalo sheria yake inajulikana, hauwezi kudhaniwa una sharti la kinyume bila kuliandika. Kipimo ni ulazima. Je, bila sharti hilo mkataba unakosa mantiki ya kibiashara au ya kiutendaji? Kwamba sharti lingekuwa la haki, au kwamba pande zingelikubali kama zingeulizwa, hakutoshi.

Kuna kijambo ndani ya kesi hii kinachoonyesha ubishi ulivyokuwa mgumu. Mkataba ulisema pango la sehemu ya mwaka litalipwa kwa uwiano. Hivyo kama kampuni ingelipa ile ada kabla ya Desemba 25, ingekuwa hakika tayari kwamba mkataba unakoma Januari 24, na pango la kudaiwa Desemba 25 lingekuwa la mwezi mmoja hivi tu. Kwa kuwa ada ilichelewa hadi Januari, deni la Desemba likawa la robo nzima. Maelfu kwa maelfu ya pauni yakategemea tarehe ya kufanya malipo mengine kabisa. Mahakama ililiona hilo kuwa la ajabu kidogo. Lakini jambo la ajabu si jambo lisilofanya kazi, na mkataba ulifanya kazi.

Upande wa pili una hoja ambayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2009, katika kesi ya Belize kwenye Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufani kwa baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola, Jaji Hoffmann alisema kuongeza sharti ni sehemu tu ya kuusoma mkataba: unajiuliza hati nzima, kwa msomaji mwenye akili timamu anayejua mazingira yake, inamaanisha nini. Kwa mtazamo huo hakuna mstari mkali kati ya kufasiri maneno yaliyopo na kutambua yale yanayofuata kutokana nayo. Wanaoupenda wanasema ndivyo watu wanavyozungumza kweli: hatusemi kila kitu, na anayetusikiliza hahitaji ushahidi wa ulazima ili atuelewe. Mahakama ya Rufani ya Singapore iliukataa mtazamo huo mwaka 2013 katika kesi ya Sembcorp, na mwaka 2015 London nayo ikaurudisha nyuma: kwanza fasiri yaliyoandikwa, kisha ndipo uulize kama kuna la kuongeza. Nakubaliana nao. Msomaji mwenye akili timamu ana tabia ya kufanana sana na jaji anayemwazia, na jaji aliyekwisha kuona matokeo ya mkataba hawezi kurudi katika kutojua kwa siku ya kusaini.

Sasa lile tatizo. Singapore walisema wazi jambo ambalo London waliligusa kwa mbali: ukimya si wa aina moja. Pande zinaweza kunyamaza kwa sababu jambo halikuwajia akilini. Zinaweza kunyamaza kwa kudhani, kimakosa, kwamba maneno mengine yamelishughulikia. Na zinaweza kunyamaza kwa sababu zilibishana, zikashindwa kukubaliana, zikaliacha. Katika aina ya kwanza tu ndipo jaji anaweza kuongeza sharti. Ya tatu ni hatari zaidi, kwa kuwa akiongeza hapo anampa mtu ushindi katika mazungumzo aliyoshindwa kuyashinda mwenyewe.

Lakini jaji atajuaje ukimya ulio mbele yake ni wa aina gani? Hati haimwambii. Jibu liko katika barua, rasimu na mazungumzo ya kabla ya kusaini, yaani vitu vilevile ambavyo kanuni ya ushahidi wa nje ya hati inamfungia. Kanuni hiyo inasema mkataba ukishaandikwa ukakamilika, ushahidi wa yaliyosemwa kabla haukubaliwi ili kuongeza, kupunguza au kubadili maneno yake. Mwaka 2009, katika kesi ya Chartbrook, majaji wakuu wa Uingereza walithibitisha pia kwamba mazungumzo ya awali hayatumiki kuonyesha maana ya mkataba. Sababu zina uzito: mazungumzo hubadilika kila siku, kila upande huweka kumbukumbu zinazoupendelea, na gharama za kesi hupanda.

Mgongano ulijitokeza mwaka 2018 katika kesi ya BGC Brokers. Dalali mmoja alipewa na mwajiri mkopo wa pauni 336,000, ambao hati ilisema utalipwa kutokana na mgao wake atakapokuwa mbia katika kampuni dada. Aliacha kazi kabla ya miaka minne kutimia, na kabla hajawa mbia. Jaji wa kwanza aliongeza sharti: akiondoka mapema, arudishe fedha. Linasikika kuwa la busara tupu. Isipokuwa rasimu ya awali ilikuwa na maneno karibu na hayo, nayo yakaondolewa kabla ya kusainiwa. Mahakama ya Rufani ililikataa sharti hilo, ikisema jaji alianza na matokeo aliyoyaona ya haki kisha akarudi nyuma kuyatafutia sharti. Jaji Singh akaongeza kwamba kufutwa kwa maneno kunaweza kuzingatiwa mahakama inapoamua kama sharti liongezwe.

Fikiria yule mpita njia angekuwa chumbani siku ile ya kufuta. Angeuliza, "Vipi akiondoka mapema?" Dalali angemwambia, "Hilo ndilo tulilolitoa." Kumzuia jaji asione kalamu iliyokata mstari huo ni kumtaka abuni ukimya ambao haukuwepo.

Ndiyo maana naona mlango unapaswa kufunguka upande mmoja tu. Yaliyosemwa kabla ya kusaini yasitumike kujenga sharti jipya, kwa sababu hapo kanuni ya ushahidi ingebaki jina tu: kila ahadi ya mdomo iliyokataliwa mlangoni ingeingia dirishani ikiitwa sharti lisiloandikwa. Yatumike kulizuia. Ushahidi kwamba pande zililiona jambo na kuliacha hauongezi neno katika hati, bali unailinda isiongezewe. Pingamizi lipo, nalo ni la kweli: mawakili wataleta masanduku ya rasimu kwa kisingizio cha kuzuia, na gharama ambazo Chartbrook iliziogopa zitarudi. Dawa yake ni kuishia kwenye maneno yaliyofutwa katika rasimu zilizopita mikononi mwa pande zote mbili. Hiyo ni karatasi, si kumbukumbu ya mtu.

Anayedai kwamba aliahidiwa kweli kwa mdomo ana njia yake tofauti. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika huko hadi 2024 na ambayo ndiyo chimbuko la sheria za ushahidi za Afrika Mashariki, iliruhusu katika kifungu cha 92 kuthibitisha mapatano ya mdomo yaliyofanywa kando ya hati, juu ya jambo ambalo hati imelinyamazia, mradi yasipingane nayo, na mahakama itazame hati ni rasmi kiasi gani. Huyo anathibitisha kilichosemwa. Anayeomba sharti lisiloandikwa hahitaji kuthibitisha kwamba lilisemwa, na mara nyingi likithibitika kuwa lilisemwa ndipo anaposhindwa.

Wengi hudhani kifungu cha "hati hii ndiyo mapatano yote" kinaumaliza ubishi. Hakiumalizi. Katika kesi ya Axa Sun Life ya mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza kwamba kifungu cha namna hiyo hakiondoi sharti ambalo ni la lazima ili mkataba ufanye kazi, kwa sababu sharti hilo linatokana na hati yenyewe. Anayetaka kulifungia nje hilo pia hana budi aandike hivyo kwa maneno wazi, na mpangaji anayetaka pango lake la ziada lirudi aandike sentensi moja chini ya kifungu cha kuvunja mkataba, kabla ya kusaini.