Namba ya nyumba haitoshi: itambue nyumba kwa sura ya jengo

Nyumbani tukimwelekeza mgeni tunamwambia: ukipita msikiti, kata kushoto, geti jeusi mkabala na nguzo ya umeme. Huku ughaibuni unapewa namba na jina la mtaa, basi. Wengi huona huo ndio ustaarabu. Mimi naona maelekezo ya nyumbani ndiyo yanayokufikisha mlangoni, na huku inabidi ujitengenezee mwenyewe kwa Street View, yaani picha za barabarani za Google Maps, kabla hujatoka.

Tuseme unakwenda namba 48, kona ya mwisho ni kushoto. Kosa la kawaida ni kufungua picha iliyo mbele ya pini, kuiangalia nyumba uso kwa uso, na kufunga. Wewe hutaiona hivyo. Utaiona kwa pembeni, ukiwa kwenye mwendo. Rudi nyuma kwenye barabara kuu, kama mita 200 kabla ya kona, ugeukie upande unakokwenda, kisha songa mbele picha moja baada ya nyingine. Tafuta kitu kinachoonekana kabla ya kona yenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo alama iliyo pale pale konani inakukuta umeshachelewa.

Chagua visivyobadilika haraka: umbo la paa, idadi ya ghorofa, ukuta wa mawe, jengo la konani. Rangi, mabango ya maduka na magari yaliyoegeshwa usivitegemee, na mti wenye majani tele pichani unaweza kuwa mtupu siku utakayofika. Soma mwezi na mwaka wa picha. Pale penye picha za miaka ya nyuma, linganisha: kilichopo kwenye zote mbili ndicho cha kushika.

Anwani inayoandikwa juu ya picha ni ya kukadiria tu. Usiiamini, kuza picha usome namba kwenye mlango au geti. Mitaa mingi huwa na namba shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili, hivyo ukiona 46 na 50, umeipata 48 hata kama yenyewe imefichwa kwa ukungu, maana mwenye nyumba anaruhusiwa kuomba hivyo. Angalia pia kama mlango uko mtaa huo kweli. Majengo ya konani mara nyingi anwani yake ni ya mtaa mmoja na lango liko mtaa mwingine.

Halafu tafuta alama moja zaidi, iliyo baada ya nyumba, ya kukujulisha kwamba umepitiliza. Hii watu huisahau, nayo ndiyo inayokuzuia kuzunguka mtaa mzima ukitilia shaka kila geti.

Nyumbani, barabara nyingi za ndani hazina picha hizi kabisa. Huko mwombe mwenyeji apige picha ya geti akiwa amesimama konani, si mlangoni.