Ovataimu haili mshahara wako

"Nikipiga ovataimu napanda daraja la kodi, mwisho napata kidogo kuliko nisingefanya."

Hapana ndugu, kiwango cha juu kinagusa ile hela iliyovuka mpaka tu. Tuseme mpaka ni 1,000, chini yake asilimia 10, juu 30, mshahara wako 900 na ovataimu 200, basi 100 ya kwanza inakatwa 10, 100 ya pili inakatwa 30, jumla 40, unabaki na 160 zako. Kinachouma kweli ni bonasi na mshahara wa 13, maana wakihesabu kama vile utalipwa hivyo kila mwezi wanakata kubwa mno, mimi yalinikuta, na kama kodi yenu inahesabiwa kwa mwaka tunza slipu udai kilichozidi mwaka ukiisha.