Kosa la Kidole na Kosa la Mazoea

Hivi karibuni niliisoma upya barua pepe fupi ya Kiingereza niliyokuwa nimekwisha kuituma. Ilihusu mhasibu wetu, ambaye ni mwanamke, na ilikuwa na sentensi tatu tu:

```
Our accountant sent you teh report on Monday.
He has checked it, and we discussed about the delay with his assistant.
Please tell me when you receive it form us.
```

Niliiona "teh" papo hapo, na "form" niliiona niliposoma mara ya pili, nikajilaumu kwa haraka yangu. Sentensi ya katikati niliipita bila wasiwasi wowote, mpaka mwenzangu wa ofisini aliponiuliza mhasibu wetu amekuwa mwanamume tangu lini. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sasa naliamini kabisa: anayejihakiki mwenyewe huyaona kwa urahisi makosa ya vidole, ilhali kosa la mazoea humpita machoni, kwa sababu kwake yeye limekaa sawa. Mwanaisimu Pit Corder alizitenganisha aina hizi mbili mwaka 1967, akieleza kwamba kuteleza ni jambo la nasibu, lakini kosa lenye utaratibu linaonyesha kile ambacho mwandishi anakijua kuhusu lugha hadi wakati huo.

Kosa la kidole lina alama zake kwenye kibodi. Katika "teh" na "form", hakuna herufi iliyoongezeka wala iliyopungua, ila mbili zimepishana. Na kwa mtu anayechapa kwa mikono yote miwili, herufi hizo ni za mikono tofauti, mmoja ukiwa umeuwahi mwingine. Isitoshe, neno "the" limeandikwa sawasawa katika sentensi ya pili. Hilo ni kuteleza, na wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mstari mwekundu wa kikagua tahajia, hata hivyo, usichukuliwe kuwa shahidi, kwa kuwa unaikamata "teh" na kuiacha "form", ambayo ni neno halali la Kiingereza, na unaiacha pia "discussed about", ambayo kila neno lake limeandikwa vizuri ingawa Kiingereza hakiweki "about" baada ya "discuss".

Kesi ngumu ni ile ya "He". Herufi moja tu inaitenganisha na "She", kwa hiyo ningeweza kudai kwamba kidole kiliiruka "S". Dai hilo linavunjwa na neno "his" lililo katika sentensi hiyohiyo, kwa sababu hakuna kidole kinachoteleza kutoka "her" hadi "his". Kama ningeandika "He" kisha "her", ningekuwa na haki ya kukilaumu kidole. Lakini maneno yote mawili yameelekea upande mmoja, na sababu yake naijua. Katika Kiswahili, "amekagua" ni ya mwanamume na mwanamke vilevile, na mimi huwaza kwa "a-" hiyo kabla sijachagua neno la Kiingereza.

Ugumu mwingine ni ufupi wenyewe wa maandishi. Katika sentensi tatu, "discuss" ilipata nafasi moja tu, na nafasi moja haithibitishi mazoea. Kwa hiyo nilikwenda kwenye barua nilizotuma zamani, nikaandika "discuss" katika kisanduku cha kutafutia, nikazihesabu nafasi zote na si makosa peke yake. Barua zilizotokea zilikuwa 9, na katika 7 kati yake nilikuwa nimeongeza "about", kama tunavyosema "tulizungumza kuhusu". Kosa likitokea mara moja katika nafasi tisa, naliita kuteleza. Likitokea mara saba, hiyo ndiyo kanuni niliyojitungia bila kujua. Barua mbili zilizobaki nazo nilizitazama kwa makini, na moja sikuihesabu kuwa ushahidi wa kujua, kwani maneno yake niliyanakili kutoka katika barua ya mtu mwingine.

Nafikiri tunakosea tunapoyapa makosa yote dawa moja ya "soma tena polepole". Kusoma polepole kunaifaa "form", hasa barua ikilala usiku mmoja kwanza. Hakuifai "discussed about", maana hata ningeisoma mara kumi ningeiona ni sahihi mara zote kumi. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, sasa ninatafuta kwa kompyuta maneno machache niliyojithibitishia kuwa ni mazoea yangu: "he", "his" na "about". Juzi "about" ilitokea mara mbili katika barua moja. Ya kwanza ilifuata "talked", nikaiacha. Ya pili ilifuata "discussing", nikaifuta.